Urea Hulainisha, Molasi Hushawishi: Kumlisha Ng'ombe Mabua Wakati wa Kiangazi

Mahindi yakishavunwa kwenye tambarare za Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, kazi ya pili huanza. Mabua hukatwa, hufungwa mizigo na kupakiwa kwenye pikapu na matela ya trekta, yakapandishwa mlimani hadi vihambani. Huko juu ardhi imejaa migomba na kahawa, hakuna mahali pa kuchungia, na ng'ombe wa maziwa hushinda bandani mwaka mzima. Majani ya kukata yakipungua, mabua hayo ndiyo yanayojaza hori kuanzia Agosti hadi mvua za vuli zitakapoamsha nyasi.

Tatizo ni kwamba hori iliyojaa si ng'ombe aliyeshiba. Mfugaji huweka mzigo mzima asubuhi, jioni akakuta ng'ombe amechambua majani na maganda ya hindi, vijiti vyote vimebaki. Maziwa hushuka wiki baada ya wiki, mbavu huanza kuonekana, na kinyesi hutoka kikavu, kimejaa vipande vya bua ambavyo havikusagika. Katika hali hiyo wengi hukimbilia molasi, kwa sababu ng'ombe hula chochote kilichonyunyiziwa molasi. Wachache huchukua urea, mbolea ileile ya kukuzia mahindi, na wakati mwingine huchanganya vyote viwili bila kujua kila kimoja kinafanya kazi gani. Hapo ndipo hasara inapoanza, na mara nyingine vifo.

Urea na molasi si mbadala mmoja wa mwingine. Urea ikifukiwa pamoja na mabua kwa wiki kadhaa hulibadilisha bua lenyewe. Molasi haibadilishi bua. Humshawishi ng'ombe alile na kumwongezea nguvu kidogo. Anayeielewa tofauti hiyo atajua lini atumie ipi, na kwa nini vipimo vyake havifanani.

Bua linakosa nini

Ng'ombe mwenyewe hana uwezo wa kumeng'enya bua. Kazi hiyo hufanywa na vijidudu wanaoishi katika tumbo lake kubwa la kwanza, ambao huvunja nyuzinyuzi za mmea na kuzigeuza kuwa chakula chake. Ili wafanye kazi hiyo wanahitaji mambo mawili: nyuzinyuzi wanazoweza kuzifikia, na naitrojeni ya kujengea miili yao. Bua kavu linawanyima yote mawili.

Kwanza, mmea unapokomaa, nyuzinyuzi zake hushikanishwa na kitu kigumu kiitwacho lignini, kama saruji inavyoshika matofali ya ukuta. Chakula kipo ndani, lakini vijidudu hawapenyi. Pili, mahindi yanapojaza punje, protini yote inayohamishika huondoka kwenye shina na majani kwenda kwenye punje. Bua linalobaki huwa na protini ya asilimia 3 hadi 4 tu, ilhali vijidudu wa tumboni huhitaji chakula chenye angalau asilimia 7 hivi ili waendelee kuzaliana. Chini ya hapo hupungua, kazi hulegea, na lishe hukaa tumboni muda mrefu bila kumeng'enywa. Tumbo likiwa bado limejaa, ng'ombe hawezi kula tena. Anakonda huku tumbo limejaa.

Majani ya mpunga yana kasoro kama hizo, ila ndani yake kuna pia madini mengi ya silika, yaleyale yanayoyafanya yakwaruze mkono. Kwa hiyo mfugaji wa skimu ya Lower Moshi, Mbarali au Mwea anaweza kufuata njia ileile iliyoelezwa hapa kwa mabua.

Kinachotokea ndani ya shimo

Wataalamu walijua kulainisha majani makavu kwa kemikali tangu zamani. Mwanakemia Mjerumani Ernst Beckmann alitumia magadi makali ya soda kulainisha majani ya ngano wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, Ulaya ilipopungukiwa na chakula cha mifugo. Magadi hayo huunguza ngozi, na ni shida kuyapata na kuyatunza kijijini. Urea ilileta njia rahisi zaidi, kwa sababu ni punje nyeupe zinazouzwa katika kila duka la pembejeo na zinashikika kwa mkono.

Urea yenyewe hailainishi kitu. Inapoyeyushwa katika maji na kunyunyiziwa mabua, bakteria walioko kwenye mabua huivunja na kutoa gesi ya amonia, ile inayochoma pua kwenye banda la kuku lisilosafishwa. Gesi ikizuiwa isitoroke, huyeyuka katika unyevu wa mabua na kuwa kama magadi. Polepole hulegeza mshiko wa lignini, nyuzi zikavimba na kulainika. Wakati huohuo sehemu ya amonia hunasa ndani ya bua na kuwa naitrojeni ya kulisha vijidudu. Kasoro zote mbili za bua zinaguswa kwa kazi moja.

Njia hii haifanani na saileji, ingawa zote mbili huhitaji shimo na karatasi ya nailoni. Saileji hutengenezwa kwa majani mabichi, huiva kwa uchachu, na hunukia kama tunda lililochacha. Mabua ya urea hutengenezwa kwa mabua makavu, huiva kwa amonia, na hunuka kama mkojo mkali. Ukifungua shimo la mabua ya urea ukakuta harufu ya uchachu, ujue kazi haikufanyika.

Hesabu ya ng'ombe wawili

Tuchukue mfugaji wa Machame mwenye ng'ombe wawili chotara wa maziwa, kila mmoja akiwa na uzito wa kilo 350 hivi. Anataka kila mmoja apate kilo 6 za mabua makavu kwa siku kwa siku 100 za kiangazi, pamoja na majani mabichi kidogo na pumba. Ng'ombe wawili watakula kilo 12 kwa siku, yaani kilo 1,200 kwa msimu. Ekari moja iliyotoa magunia 15 ya mahindi huacha takriban kilo 1,500 za mabua, kwa sababu uzito wa mabua hukaribiana na uzito wa punje. Baadhi yatapotea kwa mchwa, upepo na kuvunjika njiani. Mabua ya ekari moja basi yanatosha, ilimradi hayakuachwa shambani hadi majani yakadondoka yote.

Kipimo cha kushika kichwani ni hiki: kwa kila kilo 100 za mabua makavu, kilo 4 za urea na lita 60 za maji. Kwa kilo 1,200 inahitajika urea kilo 48, karibu mfuko mmoja wa kilo 50 kwa msimu mzima. Lakini hatafukia yote kwa pamoja. Atachimba mashimo mawili, kila moja la kuingiza kilo 300, na kuyatumia kwa zamu. Mabua yaliyokatwakatwa na kukanyagwa vizuri hujaa kilo 80 hadi 100 katika mita moja ya ujazo, hivyo shimo la urefu wa mita 2, upana wa mita 1.5 na kina cha mita 1.2 linatosha. Lichimbwe mahali palipoinuka ili maji yasiingie, na kuta na sakafu zitandikwe nailoni nzito.

Mabua yakatwe vipande vya urefu wa vidole viwili au vitatu, kwa mashine au kwa panga juu ya gogo. Mabua mazima hayashindiliki. Hubakiza hewa katikati, na hewa ndiyo mama wa ukungu.

Kazi ya kuchanganya huenda vizuri ikigawanywa kwa tabaka. Mwenye duka aombwe apime urea kwenye mifuko midogo 10, kila mmoja kilo 1.2. Mabua nayo yapimwe kwenye magunia kwa mzani wa kuning'iniza, kilo 30 kwa kila tabaka. Ndoo ya lita 20 ijazwe maji lita 18, mfuko mmoja wa urea umiminwe ndani na kukorogwa hadi punje zote ziyeyuke. Maji yatapoa ghafla mkononi, kwa sababu urea hunyonya joto inapoyeyuka. Tandaza kilo 30 za mabua shimoni, nyunyiza ndoo nzima kwa kopo lenye matundu, geuza kwa uma ili pasibaki pakavu, kisha kanyaga kuanzia pembeni kuelekea katikati. Weka tabaka la pili, la tatu, mpaka la kumi. Kupima kwa tabaka kunaokoa jambo moja kubwa: hakuna sehemu ya shimo itakayopata urea mara mbili na nyingine ikakosa kabisa.

Mwisho funika kwa nailoni, pindisha kingo zake na zile za kuta pamoja, weka udongo juu yake pande zote, kisha kandamiza kwa mawe au magogo. Ukisimama kando ya shimo kesho yake usisikie harufu kabisa, umefunga vizuri. Ukisikia inachoma, tafuta tundu uzibe, maana kila pumzi ya harufu hiyo ni fedha inayopotea.

Kusubiri, kufungua, kuzoesha

Muda wa kusubiri hutegemea joto. Kwenye tambarare, ambako mchana hufika nyuzi joto 25 au zaidi, wiki 3 zinatosha. Machame juu mwezi Julai na Agosti kuna baridi na ukungu, na wale bakteria wanaovunja urea hufanya kazi polepole. Huko ni wiki 4, hata 5. Kwa hiyo mfugaji wetu ajaze mashimo yote mawili mwishoni mwa Julai, afungue la kwanza mwishoni mwa Agosti. Kilo 300 zitawalisha ng'ombe wawili siku 25. Shimo la kwanza likiisha, analijaza upya siku hiyohiyo na kufungua la pili. Ujazo huo wa pili utakuwa na siku 25 tu za kuiva kabla haujahitajika, lakini ni mwishoni mwa Septemba na joto limeanza kurudi. Kila shimo likijazwa mara mbili, siku 100 zimetimia.

Kufungua mapema ni hatari kuliko upotevu. Katika hesabu yetu, urea iliyowekwa ni takriban gramu 240 kwa kila mlo wa siku wa ng'ombe mmoja. Ng'ombe wa kilo 350 hapaswi kula zaidi ya gramu 100 hivi za urea mbichi kwa siku, hata akiwa amezoea. Kipimo kikubwa cha shimoni kinawezekana tu kwa sababu urea ile imekwisha kugeuka amonia, na karibu theluthi mbili za amonia hupotea hewani shimo linapofunguliwa na mabua yanapoanikwa. Theluthi inayobaki ndiyo inayopandisha protini ya bua kutoka asilimia 3 au 4 hadi 7 na ushei. Shimo likifunguliwa baada ya siku tano, sehemu ya urea bado ni urea, na ng'ombe ataimeza yote.

Siku ya kufungua, funua upande mmoja tu, wakati upepo unavuma kutoka mgongoni kwako, na usiinamie shimoni. Macho yatachuruzika machozi. Toa mabua ya siku moja, yatandaze kivulini usiku kucha, rudisha nailoni. Kwa sababu yalinyonya maji, kilo 6 za mabua makavu sasa zina uzito wa kilo 9 na nusu hivi. Mfugaji akipima kilo 6 kutoka shimoni, anampunja ng'ombe wake theluthi ya mlo bila kujua.

Mabua yaliyoiva huwa na rangi ya kahawia iliyokolea au manjano ya dhahabu, si ya kijivu-nyeupe kama yalivyoingia. Yakishikwa ni laini na hupinda bila kuvunjika. Harufu huchoma mwanzoni, kisha hupungua yakishaanikwa. Yakiwa yamebaki na rangi ya awali na hayana harufu, kuna mambo mawili ya kuchunguza: nailoni ilitoboka na gesi ikatoka, au maji yalikuwa machache mno hata bakteria hawakufanya kazi. Ukiona ukungu mweupe, kijivu au mweusi, kwa kawaida pembeni na juu, hapo hewa iliingia. Sehemu hiyo itolewe na kutupwa mbali na mifugo. Mabua yaliyooza kabla ya kuingia shimoni nayo hayaponywi na urea. Sumu ya ukungu hubaki.

Siku ya kwanza ng'ombe huenda akanusa akageuza shingo. Ni harufu, na ataizoea. Mpe sehemu ndogo iliyochanganywa na mabua ya kawaida au majani mabichi, ongeza kila siku kwa siku 7 hadi 10. Maji ya kunywa yawepo muda wote, kwa sababu atakula zaidi na kiu itapanda. Mara nyingi ulaji huongezeka kwa robo au zaidi, na hapo ndipo faida kubwa ilipo: bua linameng'enywa vizuri zaidi, na pia anakula mengi zaidi.

Nafasi ya molasi

Molasi ni urojo mzito mweusi unaobaki baada ya sukari kukamuliwa kwenye miwa iliyopikwa. Wafugaji wa Kilimanjaro huipata kutokana na kiwanda cha TPC kilichoko Arusha Chini, kusini mwa Moshi, na wa mikoa mingine kutoka viwanda vya Kilombero, Mtibwa na Kagera. Karibu nusu ya uzito wake ni sukari. Protini yake ni ndogo, asilimia 3 au 4, sawa na ya bua lenyewe. Kwa hiyo mabua yaliyonyunyiziwa molasi peke yake yana utamu mpya na njaa ileile ya naitrojeni. Tena sukari ikiwa nyingi, vijidudu huikimbilia kwanza na kuacha nyuzinyuzi, kwa kuwa hata wao hupenda chakula chepesi.

Mahali pake pa kwanza ni kumfundisha ng'ombe kula mabua yaliyotoka shimoni. Nusu lita ya molasi iliyoyeyushwa katika lita 2 au 3 za maji na kunyunyiziwa mlo wa ng'ombe mmoja huzima harufu ya amonia, na sukari yake huwapa vijidudu nguvu ya kuitumia naitrojeni iliyonaswa kwenye bua. Baada ya wiki mbili inaweza kupunguzwa.

Lakini molasi isiwekwe ndani ya shimo pamoja na urea. Sukari na amonia vikifungiwa pamoja, hasa kwenye joto, vinaweza kutengeneza sumu inayomfanya ng'ombe apagawe: hukimbia ovyo, hugonga kuta, hutetemeka masikio. Sumu hiyo hupita kwenye maziwa, na ndama anayenyonya anaweza kuugua kabla ya mama yake. Kwa sababu hiyohiyo majani mabichi yenye sukari, kama mabua ya mahindi ya kuchoma yaliyokatwa yangali kijani, yasitiwe urea shimoni. Hayo ni ya saileji, au ya kulishwa moja kwa moja.

Mahali pa pili pa molasi ni pale ambapo shimo haliwezekani: maji ni ya kununua, au nailoni haipatikani, au kiangazi kimeshafika na hakuna wiki nne za kusubiri. Hapo urea na molasi hunyunyiziwa mabua papo hapo, siku ya kulisha. Urea katika njia hii hailainishi bua, kwa kuwa haikupewa muda. Inalisha vijidudu tu, na kwa kuwa inaliwa ikiwa mbichi, kipimo chake ni kidogo sana. Kwa ng'ombe wetu wawili wenye kilo 12 za mabua, ni gramu 120 za urea, lita moja na nusu ya molasi na lita 6 za maji. Yeyusha urea kwenye maji kwanza mpaka isionekane punje, ndipo utie molasi na kukoroga, kisha nyunyiza mabua yote na kuyageuzageuza. Wiki ya kwanza weka robo ya urea hiyo, yaani gramu 30 kwa wote wawili. Wiki ya pili weka nusu, na ya tatu kipimo kamili. Mlo ugawanywe asubuhi, mchana na jioni. Ng'ombe akikosa chakula hicho kwa siku mbili au tatu, anza upya kwenye robo, maana tumbo husahau haraka.

Matokeo ya njia hii ni madogo kuliko ya shimo, lakini hayahitaji kusubiri. Molasi nayo ina kikomo: lita moja na nusu kwa ng'ombe kwa siku ni nyingi ya kutosha. Ikizidi huharisha, na ikimwagwa nyingi kwenye tumbo lisilo na majani ya kutosha inaweza kumletea ng'ombe maradhi makubwa zaidi.

Ng'ombe akilewa urea

Karibu kila kisa cha sumu huanza kwa namna chache zinazojulikana: punje ambazo hazikuyeyuka zikabaki chini ya ndoo na kumwagwa mahali pamoja, ng'ombe aliyekunywa maji ya urea yaliyoachwa kwenye beseni, mfuko uliotoboka karibu na banda ukalambwa kama chumvi, au ng'ombe mwenye njaa ya siku nzima aliyepewa mlo mzima kwa mara ya kwanza. Soya mbichi nayo isiliwe pamoja na urea, kwa sababu ina kimeng'enya kinachoivunja kwa kasi mno.

Dalili hutokea ndani ya dakika 20 hadi saa moja au mbili. Ng'ombe hutetemeka misuli ya uso na mabega, hutoa mate mengi yenye povu, hupumua kwa haraka, tumbo hujaa gesi, huyumba, kisha huanguka na kurusha miguu. Huduma ya kwanza iko jikoni: siki. Ng'ombe mkubwa anyweshwe lita 2 hadi 4 za siki pamoja na maji mengi ya baridi, polepole, kichwa kisiinuliwe sana ili isiingie mapafuni. Uchachu wa siki hupunguza kasi ya amonia kuingia kwenye damu. Wakati huohuo mwite mtaalamu wa mifugo, kwa sababu siki inaweza kuhitajika tena na gesi huenda ikabidi kutolewa. Anayelisha urea awe na siki ndani ya nyumba kabla ya kununua urea.

Urea ni ya wanyama wanaocheua na waliokomaa tumbo. Ndama chini ya miezi sita asipewe. Punda na nguruwe wasipewe kabisa. Mbuzi na kondoo wanaweza kula mabua ya shimoni, kwa kuzoeshwa vilevile.

Lini inalipa

Mabua ya urea yaliyofanywa vizuri hufika ubora wa nyasi kavu za wastani. Yatamzuia ng'ombe kukonda na kumwacha akiendelea kutoa maziwa kiasi. Hayatamfanya atoe lita 15. Karotini, inayompa ng'ombe vitamini A, imekwisha kupotea juani, na madini ni haba, kwa hiyo majani mabichi machache kila siku, yawe ya lukina, kaliandra au matembele, pamoja na jiwe la madini, hayaachwi. Maziwa zaidi yatatoka kwenye mashudu na pumba, lakini mashudu hayo yatafanya kazi vizuri juu ya bua lililolainika kuliko juu ya bua gumu.

Hapo ndipo pa kupiga hesabu. Njia hii ilienea sana nchini China miaka ya 1990, vijiji vilipokuwa na majani ya mpunga na ngano tele, urea ya bei nafuu na ng'ombe wa kunenepesha karibu na nyumba. Kwetu imekuwa ikifundishwa kwa miaka mingi na bado wafugaji wengi hawaifuati, na sababu zao ni za kweli. Urea ikiwa ghali, mfuko unakwenda kwenye mahindi kwanza. Lita 180 za maji kwa shimo moja ni ndoo tisa zilizojaa, na nani atazibeba Septemba kisima kikiwa mbali? Kwa mfugaji wa kundi kubwa linalochungwa malishoni, kazi hiyo haimfai. Kwake ni afadhali kuwaachia ng'ombe mabua shambani wachague majani. Inamfaa mwenye ng'ombe wachache wa bandani, wenye maziwa au mimba, anayenunua lishe kiangazi.

Mfugaji wa namna hiyo anaweza kupima faida bila maabara. Kabla ya kuanza, kwa wiki nzima, apime kila asubuhi mabaki yaliyomo horini na maziwa ya siku. Afanye hivyo tena wiki ya nne baada ya kufungua shimo, chakula kingine kikiwa kilekile. Atazame na kinyesi: kikiwa laini na vipande vya bua vimepungua, tumbo linafanya kazi. Kisha athaminishe tofauti ya maziwa, pamoja na mabua ambayo hayakutupwa, dhidi ya bei ya nusu mfuko wa urea na nailoni ya mashimo mawili. Maziwa yasipofidia, pesa ya mfuko ujao wa urea aitumie kununua mashudu.